Kosa la Ijumaa Jioni

Waraka umebandikwa karibu na birika la chai, na wengi wameshautia sahihi bila kuusoma. Unasema faili la mteja lisitoke ofisini, namba zake zisitumwe kwa simu binafsi, na atakayevujisha siri atachukuliwa hatua. Tangu Kenya ilipopitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, nyaraka za aina hii zimeingia katika sacco, zahanati, shule na ofisi za mawakili. Kifungu ambacho wafanyakazi hukiruka ndicho chenye uzito: “Toa taarifa mara moja.”

Tuseme karani wa mikopo katika sacco anatayarisha orodha ya wanachama 312 waliochelewesha marejesho. Ina majina, namba za vitambulisho, namba za simu na deni la kila mmoja. Ni Ijumaa saa kumi jioni na anakimbilia matatu. Meneja anataka orodha hiyo kwenye WhatsApp, naye kwa haraka anaituma katika kundi la kuchangia harusi ya binamu yake. Dakika tano baadaye anashtuka na kuifuta kwa wote. Anashusha pumzi, anapanda gari na kwenda zake.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, nalo ni zito kuliko la kwanza. Kufuta ujumbe hakumnyang’anyi nakala aliyekwisha kulihifadhi faili kwenye simu yake. Tena, kwa kufuta haraka bila kupiga picha ya skrini, karani amepoteza ushahidi wa nani alikuwa ameufungua.

Kifungu cha 43 cha sheria hiyo kinaitaka ofisi imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipotambua kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, ikiwa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data. Sheria inataja saa, haisemi siku za kazi. Kama karani angempigia meneja wake Ijumaa ile ile, ofisi ingekuwa na hadi Jumatatu saa kumi jioni.

Muda huo unatosha kwa kazi yenyewe. Msimamizi wa kundi anaombwa orodha ya waliokuwemo, na kila mmoja anaombwa kufuta faili na kuthibitisha. Afisa wa ulinzi wa data anaandika kilichotokea, madhara yake na hatua zilizochukuliwa. Wanachama nao huandikiwa waelezwe ni taarifa zipi zimetoka na wajikinge vipi, kwa mfano kumkatia simu yeyote anayewatajia deni lao kisha akadai PIN. Lau faili lingefungwa kwa usimbaji na neno la siri likatumwa kwa njia nyingine, pengine barua hizo kwa wanachama zisingehitajika, kwa kuwa waliolipokea wasingeweza kulisoma.

Sasa chukua njia ya kunyamaza. Jumanne mwanachama anapiga simu akiwa amefura: jirani yake amemtania kuhusu deni lake mbele ya watu. Ofisi ndiyo kwanza inasikia. Inaanza kuchunguza ikiwa imechelewa siku nne, na ikivuka saa 72 ni lazima imweleze Kamishna sababu za kuchelewa. Sababu yenyewe ni mfanyakazi wake aliyejua akanyamaza.

Adhabu si za kubuni. Kamishna anaweza kuitoza ofisi hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kinachochukuliwa kikiwa kile kilicho kidogo. Mteja aliyeumizwa naye anaweza kudai fidia, hata kama alichopoteza ni utulivu wa moyo tu. Septemba 2023 kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kudai madeni, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mfanyakazi mwenyewe hubebeshwa mzigo wa jinai anapotoa data kwa makusudi bila ruhusa, kama yule anayemuuzia wakala namba za wateja. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Karani wetu hayuko huko. Alipotea njia kwa haraka, na kosa la namna hiyo ofisi huweza kulimaliza kwa onyo na mafunzo, mradi limesemwa mapema.

Kwa hiyo ukiuona waraka huo karibu na birika, tafuta humo jina na namba ya afisa wa ulinzi wa data. Zihifadhi kwenye simu yako leo. Siku mkono utakapoteleza, piga picha ya skrini, mpigie, kisha ndipo ufute.