Wimbo wa Kwanza: Kusanya Maneno Kabla ya Vina

Kijana akitaka kutunga wimbo wake wa kwanza, mara nyingi huanza na vina. Anaandika "nina huzuni", halafu anatafuta neno la kulingana nalo. Katika Kiswahili hatafuti mbali: moyoni, machoni, duniani. Yote yanaishia na -ni, basi anayapanga tu. Akifika ubeti wa pili anaimba mambo ambayo hata hayamsumbui. Wengine huazima sauti ya wimbo wa kanisani, na shida ni kwamba sauti ile huja na maneno yake.

Sisi tukikaa na vijana tunaanza upande mwingine. Tunawapa karatasi tupu na robo saa. Waandike walichoona, walichosikia, walichoshika kwa mkono, bila vina wala beti. Neno kama "huzuni" au "uchungu" tunaliweka kando kwanza, maana halionyeshi kitu.

Msichana mmoja alikuwa na uchungu tangu kaka yake aende kazi ya mbali. Karatasi yake ilikuwa hivi: ndara mlangoni, basi la saa kumi na moja alfajiri, kikombe cha bati, redio imezimwa, mama anapika ugali wa watu sita, sahani moja inarudi kabatini, mama anahesabu sahani.

Tulimwambia ailaze karatasi hiyo hadi kesho yake, kisha aisome kwa sauti. Ukisoma kwa macho tu, kila neno unaliona zuri. Kwa sauti, lile la kweli linakukwamisha kidogo. Yeye alikwama kwenye sahani. Pia tuliona sahani imerudi mara mbili bila yeye kukusudia, na hiyo ni dalili ya kufuata.

Tukamuuliza, ungemwambia mama nini pale mezani? Akajibu haraka, tena kwa ukali: "Mama, sisi ni watano." Akanyamaza. Alidhani ana huzuni kwa ajili ya kaka, kumbe alikuwa amemkasirikia mama, asiyewaona waliobaki. Angeanza na vina, hasira hiyo isingetoka.

Hapo ndipo tulianza kuongea juu ya umbo. Maneno yale tuliyahesabu: mizani 8, na yanatamkika kwa pumzi moja. Yakawa kiitikio. Beti zikawa za mezani tu, kila ubeti jioni moja: mama anapika, anapakua, anahesabu. Vina vilipatikana mahali pengine, pengine hapana, nasi hatukumlazimisha.

Kuna kipimo kimoja tunachotumia. Ikiwa wimbo unaweza kuimbwa na mtu yeyote kwenye matanga yoyote bila kubadilisha neno, karatasi bado haijajaa. Rudi ukusanye tena. Lakini si lazima kila neno liingie. Basi la alfajiri alilipenda sana, na tulibishana naye kidogo kabla hajakubali kulitoa. Amelihifadhi kwa wimbo mwingine.