Pikipiki ya kredi: muuzaji anaweza kuikamata yeye mwenyewe?

Chukua mfano wa motari mmoja wa Butembo. Anachukua pikipiki ya dola 1.800 kwa kredi. Anatoa avansi ya dola 600, na kila mwezi atalipa 100. Analipa vizuri miezi saba, halafu mtoto anagonjwa na miezi miwili inapita bila kitu. Asubuhi moja muuzaji anafika kwenye parkingi na vijana wawili, anamunyanganya kifunguo: «Pikipiki ni yangu mpaka umalize.»

Maneno hayo yanaweza kuwa kweli. Kama mkataba ulioandikwa unasema kitu kinabaki cha muuzaji mpaka malipo ya mwisho, ni chake. Kama hakuna maandishi hayo, sheria ya Kongo juu ya mauzo inasema kitu kinakuwa cha mununuzi tangu walipoelewana juu ya kitu na bei, hata kama makuta hayajaisha. Muuzaji anabaki mwenye kudai deni tu.

Lakini hata pale pikipiki ni yake, hawezi kuirudisha kwa nguvu. Kifungu cha 82 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia kinasema kwamba mmoja asipotimiza mapatano, kwa kawaida mkataba hauvunjiki wenyewe: ni lazima kuomba mahakamani, na juji anaweza kumupa mwenye deni muda wa kulipa. Wauzaji wengi wanaandika kwamba mwezi mmoja ukikosekana mkataba umekufa. Hata hivyo, mwenye kukamata ni wisie, akiwa na karatasi ya mahakama mkononi, hapana vijana wa kukodi.

Kuingia ndani ya nyumba ya mtu kwa vitisho ni kosa lingine kabisa, sababu Katiba, kifungu cha 29, inalinda makao ya kila mtu. Na polisi? Mapatano ya kimataifa ambayo Kongo iliyakubali yanakataza kufunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Anayetiwa kasho kwa dola 200 za pikipiki, bila wizi wala udanganyifu, aulize anashitakiwa kosa gani.

Sasa hesabu, mahali watu wanapoteza zaidi. Motari huyu amekwisha kutoa dola 1.300. Anabakiza 500, na katika hizo ni 200 tu ambazo siku yake imepita. Muuzaji akichukua pikipiki na kuiuza tena, hawezi kujifanya kama zile 1.300 hazikuwepo. Mkataba ukivunjwa, juji ndiye anapima kinachorudishwa na kinachobaki kwa muuzaji kama malipo ya hasara yake.

Kwa hiyo barua ya kudai ikifika, motari aijibu kwa maandishi, aseme atalipa ngapi na lini, abaki na kopi. Asisaini karatasi ya «kurudisha kwa mapenzi yake» ambayo haitaji alichokwisha kulipa. Na risiti za miezi saba zisikae ndani ya boksi ya pikipiki: siku itakapokamatwa, zitaenda nayo.