Kitovu Kilichotokeza: Cha Kupimwa ni Tundu, Si Uvimbe

Mtoto akilia, kitovu hujaa na kukaza mpaka ngozi yake ing'ae. Akinyamaza na kulala, hulegea na pengine kurudi ndani chote. Mama akikibonyeza taratibu kwa kidole husikia mgurumo mdogo: ni hewa na majimaji ya utumbo yanarudi tumboni. Hiyo ndiyo ngiri ya kitovu, au henia ya kitovu kama inavyoitwa hospitalini. Katika nyumba nyingi huzua shughuli kubwa. Bibi analeta sarafu na plasta, jirani anashauri mtoto afungwe kitambaa tumboni, na mwingine anamlaumu mkunga kwamba alikata kitovu vibaya.

Mkunga hana kosa. Urefu wa kipande cha kitovu kilichoachwa, au namna kilivyobanwa, hauamui kama mtoto atapata ngiri. Kilio nacho hakisababishi. Kinachofanya ni kusukuma nje kile ambacho tayari kina njia ya kupitia.

Njia hiyo ilikuwapo tangu mimba ikiwa changa. Karibu wiki ya 6 ya ukuaji, utumbo wa kiumbe hurefuka haraka kuliko tumbo lake linavyoweza kuubeba, hivyo sehemu yake hutoka na kukaa ndani ya kiungamwana, ile kamba inayomuunganisha na kondo la nyuma. Kufikia kama wiki ya 10 huwa umerudi ndani. Kinachobaki katikati ya tumbo ni tundu la duara linalopitisha mshipa mmoja unaomletea mtoto damu yenye lishe na mingine miwili inayoirudisha kwa mama.

Baada ya kuzaliwa mishipa hiyo haina kazi tena. Inasinyaa, inageuka kuwa nyuzi ngumu, na ukingo wa tundu unajibana pole pole kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba yake. Nyuzi hizo nyingi hushikamana na upande wa chini wa tundu, kwa hiyo upande wa juu ndio hubaki dhaifu zaidi, na hapo ndipo ngiri hupenda kutokea. Kinachochomoza ni utando laini unaozunguka matumbo, mara nyingi ukiwa na kipande cha utumbo au mafuta ndani yake, huku ngozi ikiwa imefunika juu.

Watoto njiti na wenye uzito mdogo huipata zaidi, kwa sababu wamezaliwa kabla kazi hiyo ya kufunga haijaenda mbali. Huonekana pia mara nyingi kwa watoto wenye hali ya Down na wale ambao tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha tangu kuzaliwa. Mtoto mwenye ngiri kubwa, anayelala kupita kiasi, mwenye choo kigumu na asiyekua vizuri anastahili kupimwa tezi hiyo. Kwa watoto wa Kiafrika, hata wenye afya njema kabisa, kitovu kutokeza ni jambo la kawaida sana. Mwaka 2001 madaktari waliofanya kazi Ogbomoso, Nijeria, walichapisha matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 4,000 katika jamii moja. Vitovu vilivyotokeza vilikuwa vingi kiasi kwamba walishauri dhana yenyewe ya kitovu cha kawaida ifikiriwe upya, tena waliona dalili kwamba tundu linaweza kuendelea kujifunga hadi kwenye umri wa miaka 14 hivi.

Sababu ya tundu kujifunga ni kwamba mtoto bado anajengeka. Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo inanenepa na kusogeleana, utepe mgumu ulio kati yake unakazika, na ukingo wa tundu unaota nyuzi mpya mwaka hadi mwaka. Kwa sehemu kubwa ya watoto, kama 8 au 9 kati ya 10, kazi hiyo huwa imekwisha wanapofika miaka 4 au 5, bila dawa wala kisu.

Wazazi wengi hupotoka hapa, kwa kuwa macho huenda kwenye ukubwa wa uvimbe. Daktari mzoefu hushughulika na tundu. Humlaza mtoto akiwa ametulia, hurudisha kilichotoka, kisha hupapasa ukingo kwa ncha ya kidole. Ikiwa ni ncha ya kidole kidogo tu inayopita, tundu ni la sentimita 1 hivi, na matumaini ya kujifunga ni makubwa. Likizidi sentimita 1.5 au 2, matumaini yanapungua, ingawa hayaishi.

Tuwachukue watoto wawili wa mfano. Wa kwanza ni msichana wa miezi 7 aliyezaliwa njiti. Kitovu chake kimechomoza sentimita 4, watu wanakitazama kwa mshangao kila anapobebwa, na mama yake hataki tena kumvua nguo mbele ya wageni. Lakini tundu ni sentimita 1. Kliniki wanamwambia mama asubiri, kitovu kiangaliwe kila anapokuja kupima uzito. Akiwa na miaka 2 kinatokeza anapolia tu. Akiwa na miaka 3 kidole hakipati tena pa kuingia, imebaki ngozi iliyolegea, ambayo nayo hupungua jinsi anavyokua. Wa pili ni mvulana ambaye kitovu chake hakijamsumbua mtu yeyote, kimeinuka kidogo tu. Tundu lake, hata hivyo, lilikuwa sentimita 2.5 akiwa mchanga na bado ni sentimita 2 akiwa na miaka 4 na nusu. Huyu ndiye anayepewa rufaa kwa daktari wa upasuaji.

Na ile sarafu? Haifanyi kazi. Tundu hujifunga kutoka pembeni kuelekea katikati, na kitu kilichobanwa juu ya ngozi hakiwezi kuusaidia ukingo huo kukua. Chini ya plasta jasho hukusanyika, ngozi huchubuka, na kwa mtoto mchanga ambaye kitovu hakijapona vizuri vijidudu hupata mlango. Tena sarafu huficha kile ambacho mama anapaswa kukiona mapema.

Hatari yenyewe ni utumbo kutoka na kukwama. Kwa watoto hutokea kwa nadra, ila madaktari wa Zaria, Nijeria, na wa Dakar, Senegali, wameandika kuhusu watoto waliofikishwa kwao katika hali hiyo. Uvimbe uliozoeleka kuwa laini unakuwa mgumu na haurudi hata mtoto akitulia. Ukiguswa, mtoto analia kilio kisichobembelezeka. Anatapika, pengine matapishi ya kijani, tumbo linajaa, na ngozi ya kitovu inaanza kuwa nyekundu au nyeusi. Utumbo uliokwama unakosa damu na unaweza kuoza. Mama asiusukume kwa nguvu wala asimpe mtoto chochote kwa mdomo. Ampeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Uvimbe ukirudi wenyewe njiani, safari iendelee, kwa sababu ngiri iliyokwama mara moja huweza kukwama tena, na mtoto wa namna hiyo hufanyiwa upasuaji bila kusubiri miaka.

Kuna uvimbe mwingine usiostahili subira hii. Ngiri ya kinena, inayotokea kwenye mkunjo wa paja au kushuka kwenye pumbu, haijifungi yenyewe na kwa mtoto mchanga hukwama kwa urahisi zaidi. Hiyo hupelekwa kwa daktari mapema. Vivyo hivyo ngiri ndogo iliyo juu ya kitovu, katikati ya tumbo, haina tabia ya kujifunga. Na kitovu kinachotoa majimaji, mkojo au kinyesi kina tatizo tofauti kabisa.

Asiyepata matatizo husubiri hadi miaka 4 au 5. Huo ndio ushauri wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, na msingi wake ni rahisi: dawa ya usingizi ina hatari kubwa zaidi kwa mtoto mdogo, na wengi wangepasuliwa kwa jambo ambalo lingekwisha lenyewe. Upasuaji wenyewe si mrefu. Ngozi hukatwa kwa mkunjo mdogo wa nusu duara chini ya kitovu ili kovu lijifiche, utando uliochomoza hurudishwa, kingo za tundu hushonwa pamoja kwa nyuzi imara, kisha ngozi ya kitovu hushikizwa chini ili kipate tena kishimo chake. Kwa kawaida mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima hesabu inabadilika. Mwili wake hauongezi tena nyuzi za kulibana tundu, hivyo ngiri yake haijifungi. Tena kwa wengi si ile ya utotoni iliyobaki, bali mpya: mimba za kufuatana, unene, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua kwa choo kigumu au kwa tezi dume, na maji kujaa tumboni kwa ugonjwa wa ini, vyote husukuma mahali palipokuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Ukingo wa tundu la mtu mzima ni mgumu na mara nyingi ni mwembamba, kwa hiyo kilichotoka hubanwa kwa urahisi zaidi kuliko kwa mtoto.

Asiyesikia maumivu anaweza kukubaliana na daktari wake kusubiri huku akiangaliwa. Inapouma, inapokua au inapokataa kurudi, upasuaji ndio jibu. Swali linalofuata ni kushona tu au kuweka wavu maalumu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 300 wa Uholanzi, Ujerumani na Italia wenye tundu la sentimita 1 hadi 4, ulionyesha kuwa baada ya miaka 2 hivi ngiri ilirudi kwa watu kama 12 kati ya 100 walioshonwa tu, na kwa 4 kati ya 100 waliowekewa wavu. Tundu lililo chini ya sentimita 1 bado linaweza kushonwa bila wavu. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla, mwenye kisukari aidhibiti sukari yake, na mnene kupita kiasi apunguze uzito kwanza, maana jeraha la kila mmoja wao hupona kwa shida na ngiri hurudi.

Mwanamke ambaye kitovu kimetokeza wakati wa ujauzito kwa kawaida huachwa ajifungue kwanza, isipokuwa kama ngiri imekwama. Kama bado anataka watoto na haimsumbui, huambiwa asubiri mpaka amalize kuzaa, kwa kuwa mimba inayofuata itavuta mshono ule ule. Mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni ndiye mwenye hatari ya pekee: ngozi ya kitovu chake huweza kuwa nyembamba mno, ikapata kidonda na kupasuka, maji yakamwagika nje na vijidudu vikaingia. Kwake maji hupunguzwa kwanza kwa dawa au sindano, kisha upasuaji hupangwa. Na akiona kitovu kimeanza kuvuja hata matone machache, anapaswa kukifunika kwa kitambaa safi na kwenda hospitali mara moja.