Kabla hujaweka laini yako kwenye simu iliyotumika, soma IMEI na boksi lake

Simu nyingi zinazouzwa kambini Nakivale na katika masoko ya Isingiro zimeshapita mikononi mwa watu wengine. Nyingine zimetoka Mbarara au Kampala, na nyingine zimevuka mpaka kutoka Tanzania. Kununua simu iliyotumika si kosa, na wauzaji wengi ni waaminifu. Shida huja pale simu inapokuwa ya wizi. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha mkimbizi, au kwa kitambulisho chako cha taifa kama wewe ni mwenyeji. Ukiiweka tu ndani ya simu, kampuni ya mtandao inaiona namba ya simu hiyo pamoja na namba ya laini yako. Mwenye simu akiwa ameshatoa taarifa polisi, jina la kwanza litakaloonekana ni lako, si la aliyeiiba.

Kwa hiyo kagua simu kwanza, ndipo uweke laini. Wengi wetu huanza na laini, halafu kamera, halafu bei, na boksi hulitazama mwisho kama mapambo tu.

IMEI ni namba ya tarakimu 15 ambayo kiwanda hukipa kila chombo kinachotumia laini. Namba hiyo ni ya simu, si ya laini, kwa hiyo haibadiliki ukibadilisha laini. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, moja kwa kila nafasi ya laini. Ili kuiona, washa simu, fungua sehemu ya kupiga namba, kisha andika:

```
*#06#
```

Huhitaji salio wala laini, na huhitaji kubonyeza kitufe cha kupiga. Namba hutokea yenyewe kwenye kioo. Baadhi ya simu huongeza mkwaju na tarakimu mbili mwishoni, kwa mfano /01. Hizo zinahusu programu ya simu, wewe soma zile 15 za mwanzo. Kisha ingia kwenye mipangilio, mahali panapoeleza kuhusu simu yenyewe, uone kama namba ni zilezile. Baadhi ya simu pia zimeandikwa IMEI mgongoni, chini ya betri inayotolewa, au kwenye kile kijisahani cha kuwekea laini. Kijisahani hutoka na kubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo kikitofautiana na kioo, muulize muuzaji kama simu iliwahi kwenda kwa fundi. Kioo na mipangilio vikitofautiana vyenyewe kwa vyenyewe, usiinunue. Mtu ameichezea programu.

Sasa chukua boksi. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni utaona jina la modeli, rangi, ukubwa wa hifadhi, na IMEI chini ya mistari myeusi ya kuskani. Vyote hivyo lazima vifanane na simu uliyoshika. Boksi linalosema simu nyeusi ya GB 128 wakati iliyo mkononi mwako ni ya bluu na ina GB 64 ni boksi la simu nyingine, hata kama jina la modeli ni lilelile. Pitisha ukucha kwenye kingo za karatasi pia. Karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine, au wino unaofutika kwa kidole chenye unyevu, ni dalili kwamba kuna mtu amechapisha ya kwake.

Tuchukue mfano. Muuzaji anakuonyesha simu na boksi. Kwenye kioo, *#06# inatoa 490154203237518. Kwenye boksi pameandikwa 490154203237581. Ukizisoma haraka kuanzia mwanzo, utasema ni namba moja. Muuzaji naye atakusaidia kusema hivyo. Njia nzuri ni kusoma kuanzia mwisho, tarakimu tatu tatu, mmoja akisoma kioo na mwenzake akisoma boksi. Hapo tofauti inaonekana mara moja: kioo kinaishia 518, boksi linaishia 581.

Je, ipi ni ya kweli? Tarakimu ya 15 haichaguliwi ovyo, bali hutokana na hesabu ya zile 14 zinazotangulia. Unaweza kuipiga kwa kalamu. Chukua tarakimu za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10, 12 na 14, kila moja uizidishe kwa 2. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe, kwa hiyo 18 inakuwa 9 na 14 inakuwa 5. Kisha jumlisha kila kitu, pamoja na zile ambazo hukuzizidisha na ile ya mwisho. Jumla lazima iishie na sifuri.

Kwa namba ya kwenye kioo, tarakimu za kuzidishwa ni 9, 1, 4, 0, 2, 7 na 1. Baada ya kuzidisha zinakuwa 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Zile za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9, 11 na 13 ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22. Ongeza 8 ya mwisho, unapata 60. Namba hiyo inakubalika. Kwa namba ya kwenye boksi, tarakimu ya 14 ni 8 badala ya 1. Mara mbili yake ni 16, inakuwa 7, kwa hiyo 30 inapanda kuwa 35. Ongeza 22 na 1 ya mwisho, unapata 58. Hakuna kiwanda kinachochapisha namba kama hiyo. Karatasi ya boksi iliandikwa na mtu aliyekosea alipokuwa akinakili.

Elewa pia mpaka wa hesabu hii. Inakuambia namba imeungwa vibaya, haikuambii kama simu imeibwa. Mwizi mwangalifu hunakili namba nzima ya kweli kutoka kwenye simu yoyote, na hesabu itapita bila shida. Hapo ndipo tarakimu 8 za mwanzo zinasaidia, kwa sababu hizo ni za modeli. Ukiandika IMEI kwenye tovuti kama imei.info, inakutajia aina ya simu. Ikikutajia simu ya vitufe na wewe umeshika simu kubwa ya kioo, fundi ameipa simu hiyo namba ya nyingine. Ukiwa Kenya unaweza kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 1555, na ukiwa Tanzania kwenda 15090. Majibu hayo hasa yanahusu kama simu ni halisi au bandia. Usiyachukue kama cheti kwamba haijaibwa.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kufungiwa. Simu inapofungiwa kwa IMEI, kinachofunga ni mtandao, si simu yenyewe. Kwa hiyo simu itawaka, itapiga picha, itacheza muziki na hata WhatsApp itafanya kazi kwa waifai. Muuzaji anayekuonyesha WhatsApp huku simu imeungwa kwenye simu yake mwenyewe hajakuonyesha chochote. Tena mara nyingi kufungiwa huko huishia mpakani. Simu iliyofungiwa Tanzania inaweza kupiga vizuri hapa Uganda, kisha ikanyamaza siku utakapovuka Mutukula kwenda kuona ndugu. Ndiyo maana kupiga simu moja hapa Nakivale hakutoshi kuithibitisha simu iliyotoka nchi nyingine, na ndiyo maana boksi na risiti vina uzito zaidi kwa simu kama hiyo.

Namba zote zikikubaliana, sasa weka laini. Zima waifai. Weka laini ya MTN katika nafasi ya kwanza upige, kisha ihamishie nafasi ya pili upige tena. Fanya hivyo na laini ya Airtel kama unayo au mwenzako anayo. Kila nafasi ina IMEI yake, na inawezekana moja ikapita na nyingine ikakataa. Ikiwa simu inaonyesha Emergency calls only au No service mahali ambapo simu za wenzako zinashika mtandao, mrudishie muuzaji.

Kuna kufuli la namna nyingine ambalo IMEI haikuonyeshi, nalo ni la mkopo. Simu zinazouzwa kwa kulipa kidogo kidogo huwekwa programu inayoifunga simu malipo yakikatika. Anayeiuza ameacha kulipa, na wiki mbili baadaye kioo kinakudai wewe deni lake. Kufuta kila kitu kwenye simu kwa kawaida hakuiondoi programu hiyo. Tazama kwenye kioo cha kufungulia simu kama pameandikwa kwamba simu inasimamiwa na kampuni au shirika. Tazama pia kwenye mipangilio, sehemu ya Device admin apps. Halafu mwambie muuzaji atoe akaunti yake ya Google na kufuta simu mbele yako kupitia mipangilio. Asiyejua neno la siri la simu anayosema ni yake hana jibu la kukupa.

Mkikubaliana bei, andikeni karatasi: majina ya wote wawili, namba zao za simu, modeli, IMEI zote mbili, bei na tarehe. Wekeni sahihi mbele ya mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako au wa LC1 kwa wenyeji. Mtu anaweza kutoa taarifa ya wizi siku kadhaa baada ya wewe kununua, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwonyesha polisi ulinunua kwa nani na lini. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake amekupa habari unayoihitaji. Usitume picha ya IMEI kwenye magroup ya kuuziana vitu. Namba safi ndiyo wanayoitafuta wale wanaobadilisha namba za simu za wizi.

Na kama umeshanunua, ukagundua namba hazifanani? Toa laini yako, usiiuze simu hiyo kwa mwingine, na usimlipe fundi akubadilishie IMEI. Ukiiuza, wewe ndiye unakuwa muuzaji wa mali ya wizi. Ukibadilisha namba, unafuta ushahidi ambao ungekusaidia kujieleza. Nenda na simu, boksi na karatasi ya makubaliano kwa mwenyekiti wako, kisha mwende pamoja kituo cha polisi. Huenda simu ikachukuliwa kama kielelezo na pesa zako zisirudi haraka. Lakini utakuwa umefika mwenyewe, kabla hawajaja kukutafuta.