Hisa Imepanda, Opsheni Imeshuka

Mtu ananunua opsheni ya kununua hisa inayouzwa dola 100, akiamini itapanda. Inapanda kweli. Baada ya mwezi mmoja na nusu hisa imefika dola 103, lakini akifungua akaunti yake anakuta opsheni ina thamani ndogo kuliko aliyoilipia. Dalali hajamwibia, wala mtambo haujakosea hesabu. Alichobashiri kimetokea, ila kimechelewa.

Wengi waliojifunza opsheni hukutana na jambo hili mapema, na wengi hulielewa baada ya fedha kupotea. Wanajua tofauti ya opsheni ya kununua na ya kuuza, na wanajua kwamba mkataba mmoja wa hisa za Marekani kwa kawaida hubeba hisa 100. Kinachowaponyoka ni kwamba bei ya opsheni husukumwa na nguvu mbili kwa wakati mmoja: mwendo wa hisa na kupita kwa siku. Nguvu ya kwanza hupimwa kwa delta, ya pili kwa theta. Namba hizi zipo kwenye skrini ya karibu kila dalali, kando ya bei yenyewe.

Zilitoka wapi? Soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa Aprili 26, 1973, likianza na opsheni za kununua tu, za hisa za kampuni 16. Za kuuza zilingoja hadi 1977. Mwaka huohuo wa 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukadiria bei ya opsheni, na Robert Merton akaipanua. Kanuni hiyo hutaka vitu vichache: bei ya hisa, bei ya utekelezaji, siku zilizobaki, riba, na kiasi ambacho hisa huyumba kwa mwaka. Delta hueleza bei ya opsheni itabadilika kiasi gani hisa ikisogea dola moja. Theta hueleza itapungua kiasi gani siku moja ikipita na kila kitu kingine kikibaki palepale.

Tuchukue mfano wa namba na tukae nao hadi mwisho. Hisa ni dola 100, bei ya utekelezaji ni dola 100, zimebaki siku 60, na hisa huyumba kwa asilimia 30 kwa mwaka. Ili hesabu isizibwe na mambo ya pembeni, riba na gawio viwe sifuri. Kanuni inatoa bei ya dola 4.85 kwa hisa, yaani dola 485 kwa mkataba mmoja. Delta yake ni 0.52.

Maana yake ni kwamba hisa ikipanda dola moja sasa hivi, opsheni itapanda karibu senti 52. Hisa ikishuka dola moja, opsheni itashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Opsheni ya kuuza yenye bei na tarehe zilezile ina delta ya hasi 0.48, kwa kuwa yenyewe hunufaika hisa inaposhuka. Ukienda kwenye opsheni ya kununua yenye bei ya utekelezaji ya dola 115, mbali juu ya soko, delta huanguka hadi 0.14. Mwenye nayo hupata senti 14 tu kwa kila dola ambayo hisa inapanda, na ndiyo maana inauzwa senti 81 badala ya dola 4.85.

Madalali wengi husoma delta pia kama makadirio ya uwezekano kwamba opsheni itamaliza ikiwa na thamani. Delta ya 0.14 huchukuliwa kama nafasi 14 katika 100. Usomaji huu unafaa kwa haraka, lakini huzidisha kidogo: kwa mfano wetu kanuni yenyewe inatoa nafasi kama 11. Anayenunua opsheni za mbali kwa sababu ni rahisi afahamu kwamba urahisi huo una sababu.

Sasa saa. Opsheni yetu ya dola 100 haina faida yoyote ya kutekelezwa leo, maana hisa na bei ya utekelezaji ziko sawa. Dola zote 4.85 ni malipo ya muda: siku 60 za kungoja hisa isogee. Hisa ikibaki dola 100 bila kutikisika, opsheni hiyo itakuwa na thamani ya dola 3.43 zikibaki siku 30, dola 2.43 zikibaki siku 15, dola 1.66 zikibaki siku 7, na senti 63 ikibaki siku moja. Kisha sifuri.

Tazama namba hizo kwa makini. Kutoka siku 60 hadi 15, robo tatu ya muda imekwisha, lakini bei imepungua nusu tu. Bei hufuata kipeuo cha pili cha muda, si muda wenyewe: ukitaka opsheni ya nusu ya bei, kata muda hadi robo. Sababu ni kwamba umbali ambao hisa inaweza kufika hauongezeki sawasawa na siku. Hisa hupanda na kushuka, hatua nyingine zikifuta zilizotangulia. Kwa hiyo mwanzoni theta ni ndogo, kama senti 4 kwa siku. Zikibaki siku 30 inakaribia senti 6. Zikibaki siku 7 inafika senti 12, na siku hizo saba za mwisho hula dola 1.66, zaidi ya dola 1.42 zilizoliwa na siku 30 za kwanza.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Alilipa dola 4.85. Kama hisa ingefika 103 siku iliyofuata, opsheni ingekuwa na thamani ya dola 6.53, na mkataba mmoja ungempa faida ya dola 168. Ilipofika hapo baada ya siku 45, zikiwa zimebaki 15, opsheni ilikuwa dola 4.25, hivyo alipoteza dola 60. Akikataa kuuza na hisa ikabaki 103 hadi siku ya mwisho, atapokea dola 3 tu kwa hisa, na hasara itakuwa dola 185. Bei ya hisa ni ileile katika hali zote tatu. Kinachotofautiana ni kalenda.

Vitabu vingi vya wanaoanza husema kwamba muda huila opsheni taratibu mwanzoni na kwa kasi mwezi wa mwisho. Hilo ni kweli kwa opsheni iliyo karibu na bei ya soko, kama hii ya kwetu. Kwa opsheni ya mbali si kweli, na hapa ndipo watu wengi huumia. Ile ya dola 115, iliyouzwa senti 81, hubaki na senti 20 baada ya siku 30 hisa isiposogea. Robo tatu ya thamani imekwenda katika nusu ya kwanza ya muda. Zikibaki siku 15 inakuwa na senti 2 hivi. Mtu aliyeambiwa kwamba hatari iko mwezi wa mwisho hukaa ametulia wakati mali yake ikiisha, na anapofika kwenye mwezi huo wa kuogopwa hana tena cha kuokoa.

Delta nayo haisimami mahali pamoja. Zikiwa zimebaki siku 60, hisa ikitoka 99 hadi 101, delta ya opsheni yetu hutoka 0.49 hadi 0.56, badiliko ambalo halimsumbui mtu. Ikibaki siku moja, mwendo uleule huitoa kutoka 0.26 hadi 0.74. Kasi hii ya delta kubadilika huitwa gama. Tangu 2022, opsheni za faharisi ya S&P 500 zimekuwa na tarehe za ukomo kila siku ya kazi, na wapo wanaonunua asubuhi kitu kinachokufa jioni. Kwa mtu huyo delta aliyoiona asubuhi inaweza isifanane kabisa na ya saa moja baadaye.

Gama ndiyo inayoeleza kwa nini theta ipo. Mfikirie muuzaji wa opsheni kitaaluma, ambaye hana haja ya kubashiri mwelekeo. Ameuza mikataba 10 ya opsheni yetu, yaani ya hisa 1,000. Kwa kuwa delta ni 0.52, ananunua hisa 520 ili mwendo mdogo wa bei usimuumize: anachopoteza kwenye opsheni anakipata kwenye hisa. Hisa ikipanda hadi 103 siku inayofuata, delta inakuwa 0.62, na lazima anunue hisa nyingine 100, sasa kwa bei ya juu. Ikirudi 100, anaziuza kwa bei ya chini. Kila mtikisiko unamlazimisha kununua ghali na kuuza rahisi. Zile senti 4 za kila siku ndizo zinazomlipa kwa kazi hiyo. Kwa mfano wetu, siku ambayo hisa inasogea chini ya dola 1.57 hivi, muuzaji anabaki na faida. Ikisogea zaidi ya hapo, faida inahamia kwa mnunuzi. Theta basi si adhabu aliyowekewa mnunuzi, ni bei ya haki yake ya kunufaika na mitikisiko.

Hesabu zote hizi zinachukulia kwamba soko linaendelea kutarajia hisa iyumbe kwa asilimia 30. Soko halijafungwa na ahadi hiyo. Mara nyingi matarajio hupanda kabla ya kampuni kutangaza mapato ya robo mwaka na kushuka mara baada ya tangazo. Yakishuka hadi asilimia 25 siku ile ile ya kununua, opsheni ya dola 4.85 inakuwa karibu dola 4.04, kabla theta haijagusa kitu na hisa ikiwa palepale kwenye 100. Mtu akiona hasara ambayo delta na theta haziwezi kuieleza, aangalie hapo kwanza.

Kwa anayetaka kununua opsheni, kuna hesabu fupi ya kufanya kabla ya kubonyeza kitufe: gawanya theta kwa delta. Senti 4 kwa 0.52 ni karibu senti 8. Hisa inapaswa kupanda kiasi hicho kila siku ili opsheni isipoteze chochote. Zikibaki siku 7, theta ya senti 12 kwa delta ya 0.51 inadai senti 23 kwa siku. Jiulize kama unaamini hisa hiyo itapanda kwa kasi hiyo, na kwa sababu gani ndani ya siku hizo. Ukiwa na hakika ya mwelekeo lakini huna hakika ya wakati, nunua tarehe ya mbali zaidi, au nunua hisa yenyewe.