Namba za vifungu: kupanga rasimu ya katiba ya kikundi

Kikundi cha kuweka na kukopa kinapoandika katiba yake, rasimu ya kwanza kwa kawaida haina namba. Katibu huandika mada mwanzoni mwa mstari, maelezo yake huyasogeza ndani kidogo, na ufafanuzi wa maelezo huusogeza ndani zaidi. Wanachama waliokuwepo kikaoni wanaisoma bila shida. Shida huanza pale mkopaji anapogoma kulipa faini na mwenyekiti akatakiwa kuonyesha ni kipi hasa kilichovunjwa. "Ule mstari wa tatu kutoka chini" hauwezi kuandikwa kwenye barua ya onyo.

Ndiyo maana sheria hupewa namba za ngazi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaposema haki ya kusikilizwa iko Ibara ya 13(6)(a), kila alama ni hatua moja: ibara ya 13, ndani yake ibara ndogo ya (6), ndani yake aya ya (a). Kila ngazi ina sura yake ya alama, kwa hiyo msomaji hapotei. Kwa katiba ya kikundi, napendekeza ngazi nne: 4 kwa sura, 4.3 kwa kifungu, (a) kwa aya, (i) kwa aya ndogo. Zaidi ya hapo, rasimu ndiyo inayohitaji kuandikwa upya.

Kabla ya kugusa namba yoyote, soma rasimu ukijiuliza kila mstari ni mtoto wa mstari upi. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Tazama sehemu hii ya rasimu:

```
Mikopo
    Kuchelewesha rejesho
        Mwanachama akichelewesha rejesho
            kwa zaidi ya wiki moja, au
            mara mbili katika mzunguko mmoja
        atalipa faini ya shilingi 2,000
```

Mstari wa mwisho umerudi nje, sawa na "Mwanachama akichelewesha rejesho". Kurudi huko kuna maana: faini inawahusu wote wawili, aliyechelewa zaidi ya wiki na aliyechelewa mara mbili. Mchapaji mwenye haraka huubandika mstari huo kwenye aya ya (b), ikasomeka "mara mbili katika mzunguko mmoja atalipa faini ya shilingi 2,000". Sasa aliyechelewa wiki tatu, lakini mara moja tu, ana hoja kwamba yeye hakuwekewa faini yoyote. Mwingine huupa namba yake mwenyewe, (c), na faini inageuka kuwa aina ya tatu ya ucheleweshaji. Maneno hayajabadilika hata moja, ila kanuni imebadilika.

Mstari wa namna hiyo unaweza kubaki bila namba, ukiwa umepangwa sawa na mwanzo wa sentensi yake. Lakini mimi nashauri usibaki kabisa. Geuza sentensi ili adhabu itangulie, na masharti yafuate:

```
4.   MIKOPO
4.3  Mwanachama atalipa faini ya shilingi 2,000
     akichelewesha rejesho:
     (a)  kwa zaidi ya wiki moja; au
     (b)  mara mbili katika mzunguko mmoja.
```

Hapa hakuna mkia wa kugombania. Neno "au" mwishoni mwa (a) nalo lisidondoke wakati wa kunakili, kwa sababu likiwa "na" mwanachama lazima awe na makosa yote mawili ndipo alipe.

Mambo mengine mawili hujitokeza katika usomaji huu. La kwanza ni mtoto wa pekee: (a) isiyo na (b). Hiyo ni dalili kwamba mstari haukustahili ngazi yake. Uunganishe na mzazi wake. La pili ni mstari uliorukia ndani hatua mbili kwa mara moja, mara nyingi kwa sababu mtu mmoja alitumia kitufe cha Tab na mwingine akabonyeza nafasi tupu. Ukiupa namba kama ulivyo, utapata (i) iliyoning'inia moja kwa moja chini ya 4.3, bila aya.

Ukishaelewa nani ni mtoto wa nani, kompyuta hufanya iliyobaki. Kwenye Word, usiandike namba kwa mkono. Futa nafasi na Tab zilizokuwa zikisogeza mistari, kisha weka kishale kwenye kila mstari na uupe ngazi: Ctrl+Alt+1 kwa sura, Ctrl+Alt+2 kwa kifungu, Ctrl+Alt+3 kwa aya. Hizo huleta mitindo ya Heading 1, Heading 2 na Heading 3. Heading 4 utaichagua mwenyewe kwenye orodha ya mitindo.

Kisha fungua Multilevel List, chagua Define New Multilevel List, bonyeza More, na kwa kila ngazi weka mtindo wake mahali palipoandikwa Link level to style. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ukiiruka, namba na mitindo vitakuwa vitu viwili visivyofahamiana: namba zitaanza upya katikati ya waraka bila sababu. Ikiwa sura zako zinatumia namba za Kirumi, vifungu vinaweza kutokea kama IV.3, kwenye ngazi ya vifungu weka alama kwenye Legal style numbering na itakuwa 4.3.

Jaribio la kujua kama imekaa sawa ni rahisi. Ingiza kifungu cha uongo baada ya 4.1. Vyote vinavyofuata vikisogea mbele kwa moja, futa ulichoingiza na uendelee. Kimoja kikibaki palepale, namba yake iliandikwa kwa mkono.

Angalia pia marejeo ya ndani. "Kama ilivyoelezwa hapo juu" libadilishwe kuwa "kifungu cha 4.3(a)", na rejeo hilo liingizwe kwa Cross-reference, aina ya Numbered item, ukichagua Paragraph number (full context). Kabla ya kuchapa, bonyeza Ctrl+A kisha F9 ili marejeo yote yasomwe upya. Kila mara andika rejeo kamili, kwani orodha ya herufi ikifika (h), inayofuata ni (i), na (i) hiyo ni tofauti na (i) ya Kirumi iliyo chini ya (a). 4.3(i) na 4.3(a)(i) hazichanganyikani, "aya ya (i)" peke yake inachanganya.

Baada ya wanachama kuipitisha katiba, namba zisiruhusiwe kusogea tena, maana fomu za mikopo na barua za onyo tayari zimezitaja. Kifungu kipya kati ya 4.3 na 4.4 kiitwe 4.3A. Bunge la Tanzania lilifanya hivyo mwaka 2000: mambo mapya kuhusu utoaji haki yaliingizwa katika Katiba kama Ibara ya 107A na 107B, na Ibara ya 108, inayohusu Mahakama Kuu, ikabaki 108.