Maandishi Yakishafungwa

Programu ya simu inapokaribia kutoka, hufika siku ambayo timu hukubaliana kwamba maandishi ya kwenye skrini hayaguswi tena. Waandishi wa msimbo wataendelea kurekebisha kasoro, lakini maneno ya Kiingereza kwenye vitufe, maonyo na taarifa hubaki kama yalivyo mpaka toleo litoke. Huko ndiko kufunga maandishi, na hufanywa kwa ajili ya watafsiri, ili wapate siku kadhaa za kutafsiri kitu kilichotulia.

Mradi wa GNOME, unaotengeneza kiolesura cha kompyuta nyingi za Linux, hutoa toleo jipya kila Machi na Septemba, na kila mara maandishi hufungwa kabla ya toleo. Mwandishi wa msimbo akitaka kubadilisha sentensi baada ya hapo, sharti aombe, na timu ya tafsiri itoe idhini mbili. Kampuni nyingi hazina utaratibu mkali namna hiyo. Tarehe ya kufunga hutangazwa, kisha mabadiliko yakaendelea kupenya kimyakimya. Mabadiliko hayo ya mwisho ndiyo yanayomsumbua msimamizi wa tafsiri ya Kiswahili kuliko kazi yote iliyotangulia.

Tuchukue mfano wa programu ya vikoba inayotumika kwenye simu za Android. Mwanachama akituma mchango, huonyeshwa ilani kwamba anaweza kughairi. Sentensi ya Kiingereza imo kwenye faili la folda `values`, na ya Kiswahili imo kwenye `values-sw`. Zote mbili huitwa kwa jina moja:

```xml
<!-- values/strings.xml -->
<string name="cancel_notice">You can cancel within 24 hours.</string>

<!-- values-sw/strings.xml -->
<string name="cancel_notice">Unaweza kughairi ndani ya saa 24.</string>
```

Maandishi yamefungwa Jumatatu. Alhamisi idara ya fedha inaamua kwamba muda wa kughairi upungue kutoka saa 24 hadi saa 2. Mwandishi wa msimbo anafungua faili la Kiingereza, anaandika 2 mahali pa 24, basi. Jina `cancel_notice` halikubadilika, kwa hiyo hakuna chombo kitakacholalamika. Ripoti ya tafsiri itaendelea kuonyesha kwamba Kiswahili kimekamilika kwa asilimia 100. Mwanachama anayesoma Kiswahili ataambiwa ana siku nzima, atakuja kughairi jioni, na akute mlango umefungwa tangu asubuhi.

Ndiyo maana nasema sentensi isiyotafsiriwa si hatari kama sentensi iliyotafsiriwa halafu ikapitwa na wakati. Ya kwanza hujitangaza yenyewe, kwa sababu Kiingereza huonekana katikati ya Kiswahili. Ya pili ni Kiswahili safi, kimehakikiwa, na kinasema uongo.

Mfumo wa gettext, ambao GNOME na miradi mingi ya programu huria huutumia, hukabili jambo hili kwa njia nyingine. Humo sentensi ya Kiingereza yenyewe ndiyo jina. Ikibadilika hata herufi moja, chombo cha `msgmerge` huitafuta tafsiri ya zamani inayokaribiana nayo, huiweka hapo kama pendekezo, na kuipiga alama ya `fuzzy`. Wakati wa kutengeneza faili la mwisho, `msgfmt` huziacha nje sentensi zenye alama hiyo, na mtumiaji huona Kiingereza mpaka mtu aithibitishe tafsiri. Kero hiyo ni ndogo, na humlinda mtumiaji asipotoshwe.

Wanaotumia mafaili ya majina, kama ya Android, hawana budi kujitengenezea kinga. Njia rahisi ni kuweka alama kwenye hazina ya msimbo siku ileile maandishi yanapofungwa, kisha kila asubuhi kuuliza ni nini kimebadilika tangu hapo:

```
git tag maandishi-v3
git diff maandishi-v3 -- app/src/main/res/values/strings.xml
```

Amri ya kwanza hutolewa mara moja tu. Ya pili huonyesha kila mstari wa Kiingereza uliobadilika, wa zamani ukitanguliwa na alama ya kutoa na mpya ukitanguliwa na alama ya kujumlisha. Kwa siku hizo za mwisho, msimamizi afanye kazi kwa orodha hiyo, aiache ile asilimia.

Kila mstari uliobadilika huingizwa kwenye jedwali la kazi pamoja na jina la mtafsiri, jina la mhakiki na hali yake: unasubiri mtafsiri, unasubiri mhakiki, au umepitishwa. Safu ambayo wengi huisahau ni ile ya kunakili Kiingereza kamili ambacho mhakiki alikiona alipopitisha. Bila safu hiyo, neno "umepitishwa" halina maana, kwa kuwa hujui ni nini kilichopitishwa. Kiingereza cha leo kikitofautiana na nakala iliyo kwenye jedwali, idhini imekufa na mstari unarudi kwenye foleni, hata kama mhakiki ni yuleyule na aliupitisha jana.

Kuna wanaouliza kama tarakimu moja inahitaji mhakiki kweli. Rudi kwenye mfano wetu. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "Unaweza kughairi ndani ya saa 2." Kwa 24 hapakuwa na utata. Kwa 2, msomaji wa Kiswahili anaweza kuielewa kuwa saa mbili ya asubuhi au ya usiku. Mhakiki aliyeifungua skrini yenyewe kwenye simu ataliona hilo na kupendekeza "Unaweza kughairi kabla ya saa 2 kupita tangu ulipotuma." Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, kwa hiyo lazima aangalie pia kama inaenea bila kukatwa.

Ikiwa mhakiki hapatikani kabla ya toleo, msimamizi ana machaguo machache. Anaweza kuomba badiliko lirudishwe nyuma lisubiri toleo lijalo, na kwa maneno yaliyobadilishwa kwa ajili ya urembo tu, nadhani hilo ndilo jibu la haki. Lakini muda wa kughairi si urembo, na kanuni mpya inaanza na toleo hilihili. Hapo ningeufuta mstari wa Kiswahili kwenye `values-sw`. Android isipoukuta, huchukua ule wa Kiingereza. Kikaguzi cha `lint` kitatoa onyo la `MissingTranslation`, ambalo linaweza kusimamisha utengenezaji wa toleo, kwa hiyo mwandishi wa msimbo aarifiwe mapema kwamba mstari umeondolewa makusudi.

Ombi moja halifai kungoja mpaka wakati huo. Waandishi wa msimbo hupenda kutumia sentensi moja kwa vitu vingi, kwa mfano `%s deleted`. Kwa Kiswahili picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, na hakuna kiambishi kimoja kitakachotosha. Dawa yake ni kuomba sentensi tatu badala ya moja, lakini ombi hilo nalo ni badiliko la maandishi. Likiletwa baada ya kufunga litakataliwa kwa kanuni ileile inayowalinda watafsiri. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili aitwe kabla ya maandishi kufungwa, apewe kila sentensi yenye `%s` pamoja na orodha ya maneno yatakayoingia mahali pake, na yale yaliyokataliwa yawe ya kwanza kwenye foleni siku maandishi yanapofunguliwa tena.